Barua ya Siku ya Kwanza: Maongezi na Makarani Wapya wa Asiransi, Lubumbashi

Jambo yenu, ndugu zangu, na asante kwa kunipa nafasi asubuhi hii. Waliopanga mkutano waliniomba nizungumze juu ya "mawasiliano na mteja". Kichwa hicho ni kipana mno kwangu. Nitazungumza juu ya barua moja, na juu ya sentensi moja iliyo ndani yake, na ili nisimguse mtu yeyote nimetunga hadithi. Msianze kutafutana kwa macho humu ndani. Karani wa hadithi yangu hayupo, ingawa kila mmoja wenu atamtambua.

Tumwite Ilunga. Ana miezi michache tu kwenye biro ya madai, anakaa meza ya karibu na mlango, ile anayopewa mgeni ili kila anayeingia aanze naye. Jumatatu moja ya Januari anaingia mama mwenye depo ya unga kule komini ya Kenya. Jumamosi usiku mvua ilinyesha vile inavyojua kunyesha hapa kwetu mwezi huo, na maji yakaingia katika depo. Magunia mia mbili ya unga wa mahindi, ya kilo ishirini na tano kila moja, yameloa. Mama ameleta daftari lake la depo, picha alizopiga Jumapili kwa simu, na nakala ya kontra iliyokunjwa mara nne.

Ilunga alifanya vizuri mambo mengi siku ile, lazima niseme. Alimpa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho. Alifungua dosie, akaipa namba, akamwita mkadiria hasara aende Jumatano. Kisha akafungua kontra ya mama kwenye kompyuta, akaona mstari ulioandikwa `DDE : OUI`. Ninyi mnaujua mstari huo: hasara ya maji, ndiyo, imenunuliwa. Moyo wake ukatulia. Akachukua barua ya mfano, akajaza jina na tarehe, na mwishoni, kwa huruma tu, akaongeza ya kwake: "Tunakuhakikishia kwamba hasara yako yote ya maji italipwa." Akapiga muhuri, akamsomea mama kwa Kiswahili. Mama akamwambia, "Mungu akubariki, mwanangu," akatoka.

Hapo nataka tusimame kidogo, kwa sababu kosa lote liko katika mstari ule wa kompyuta. Kompyuta inaonyesha dhamana alizonunua mteja. Haionyeshi mipaka ya dhamana hizo. Mipaka iko kwenye masharti ya jumla, yale makaratasi ya maandishi madogo ambayo katika biro nyingi yanakaa juu ya kabati yakishikilia vumbi. Na zamani karani aliweza kuyajua kwa moyo. Tangu mwaka 1966 nchi hii ilikuwa na kampuni moja tu ya asiransi, SONAS, na mwenye kujua karatasi za kampuni hiyo alikuwa anajua karatasi za nchi nzima. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, kampuni nyingine zikaingia, na kila moja inaandika sehemu yake ya maji kwa namna yake. Kuna inayolipa maji ya mvua yakiingia kwa paa, na kuna isiyolipa. Kwa hiyo ukiona `OUI` bado hujajua ni maji yapi.

Katika kontra ya mama yetu, sehemu ya maji ilikuwa inalipa bomba likipasuka, tangi likimwagika, na mvua ikipenya kwenye paa. Na chini yake, aya ya pili, ilikuwa inatoa nje maji ya mto uliofurika, maji yanayotiririka barabarani na kuingia kwa mlango, na maji yanayopanda kutoka ardhini. Ni aya ya kawaida kabisa, kila mmoja wenu amewahi kuiona. Ilunga hakuifungua.

Jumatano mkadiria hasara alifika depo. Ni mzee wa kazi, mtu wa maneno machache. Hakuanza na magunia, alianza na ukuta. Chini, tangu mlangoni mpaka nyuma, kulikuwa na mstari wa tope uliokauka, umenyooka, unafika karibu na goti. Maji yenye tope hayaanguki toka juu na kuacha mstari ulionyooka. Yalisimama pale, yakapanda, yakashuka. Alitoka nje akautazama mtaro wa barabara: umejaa takataka, na kizingiti cha depo kiko chini kuliko barabara yenyewe. Akarudi ndani, akainamia magunia ya safu za chini. Mshono umeingia mchanga mwekundu, unga ndani umekuwa uji mweusi na umeanza kunuka. Hayo ni maji ya mlango.

Kisha akapanda ngazi. Juu, kwenye kona ya nyuma, upepo ulikuwa umeinua mabati mawili. Magunia ya safu ya juu yalikuwa na madoa ya rangi ya kutu yaliyotiririka toka juu kushuka chini, na unga wake haukuwa na tope hata kidogo. Ulikuwa umeganda upande wa juu kama plasta, na chini yake bado mkavu. Hayo ni maji ya paa. Katikati ya rundo, kati ya safu za juu na za chini, magunia yalikuwa makavu. Ule ukavu wa katikati ndio uliomaliza ubishi: maji yalikuwa mawili, yaliingia kwa njia mbili, na hayakukutana.

Alihesabu magunia mia moja na kumi ya chini na hamsini ya juu. Jumla mia moja na sitini. Akauliza, "Mama, uliandikisha mia mbili. Arobaini yako wapi?"

Mama akamjibu bila wasiwasi: "Nilimpa mwenye nguruwe jana. Yalikuwa yananuka, na biro wamesha niandikia kwamba wanalipa yote. Ningeyaweka ya nini?"

Mzee alitoka nje, akampigia Ilunga. "Kijana, umemwandikia mama nini?"

Nadhani sasa mnaona kwa nini nimechagua hadithi hii na si nyingine. Watu wengi wa kazi yetu wanafikiri ubaya wa barua kama ile ni kwamba inailazimisha kampuni kulipa. Jambo hilo wanasheria watalibishania, na lina pande mbili. Upande mmoja, kontra haibadilishwi na barua ya karani. Mapatano yaliyofanywa kisheria ndiyo sheria ya waliopatana, kifungu cha 33 cha kitabu cha tatu cha Kodi yetu ya kiraia, na kubadilisha dhamana kunataka nyongeza ya kontra iliyotiwa sahihi na pande zote. Upande wa pili, kitabu hicho hicho, kifungu cha 258, kinasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake ni lazima airekebishe, na cha 260 kinamtia mwajiri katika kosa la mfanyakazi wake aliye kazini. Kwa hiyo barua ya Ilunga haikuzaa dhamana mpya ya maji ya mlango. Lakini kila kitu alichofanya mama kwa kuiamini, na kikamtia hasara, kinaweza kurudi mlangoni kwa kampuni.

Na mama alikuwa amefanya mambo mawili. Aligawa magunia arobaini kabla hayajahesabiwa. Na Jumanne hiyo hiyo alimpa mwenye lori avansi ya dola mia tatu, amletee magunia mia mbili mapya toka upande wa Kasumbalesa. Bila barua angengoja. Ni mfanyabiashara, si mtoto.

Baada ya simu ile Ilunga aliteremsha masharti toka juu ya kabati, akasoma aya ya pili, akakaa. Yaya mmoja wa meza ya pili, mtu mwema tu, alimwona sura akamwuliza. Ilunga akamweleza. Yaya akamletea dawa tatu, moja baada ya nyingine. Ya kwanza: mwombe yule mzee aandike kwamba maji yote ni ya paa, tunajuana naye. Ya pili: mwite mama arudishe barua, umpe nyingine yenye tarehe ile ile ya Jumatatu. Ya tatu: nyamaza, subiri malipo yatoke madogo, mama akilalamika shefu atajibu.

Nawaambia wazi, dawa ya kwanza ni udanganyifu wa asiransi, na kufanywa na mtu wa ndani hakuupunguzii kitu. Ya pili ni kughushi, tena kughushi kwa kijinga, maana mama ameshapiga picha ya barua na kumtumia mwanawe. Lakini ile ya tatu ndiyo inayopata watu wengi, kwa sababu haionekani kama tendo. Mtu anakaa tu. Wakati yeye anakaa, mwenye lori anapakia. Kila siku ya kunyamaza, mama anatumia fedha ambazo hazipo, na ile hasara ya kifungu cha 258 inakua. Siku ya Jumatano ilikuwa bado dola mia tatu. Jumamosi lori lingekuwa limeshashusha, na deni lingekuwa la magunia mia mbili.

Ilunga aligonga kwa shefu saa tisa mchana. Alichukua vitu vitatu mkononi: nakala ya barua yake, ukurasa wa masharti, na karatasi aliyoandika kile mzee alichomwambia kwenye simu, na saa aliyopigiwa. Hakuleta maelezo marefu. Shefu alisoma, akavua miwani, akasema mambo ambayo sitayarudia mbele ya watu waheshimiwa. Kisha akamwambia, "Mpigie mama sasa hivi, mbele yangu. Barua itafuata kesho asubuhi."

Mpangilio huo, simu kwanza na barua baadaye, ni wa lazima katika jambo la namna hii, hata kama kampuni yenu inapenda karatasi kuliko sauti. Simu inasimamisha lori. Barua inaweka kumbukumbu.

"Mama, jambo. Ni Ilunga wa asiransi. Naomba usilipe kitu kingine kwa ajili ya barua yangu ya Jumatatu. Niliandika kwamba tunalipa yote, na si kweli. Kontra yako inalipa maji ya paa. Maji yaliyoingia kwa mlango hailipi. Kesho nitakuletea barua mwenyewe, na nitakuonyesha ukurasa wenyewe."

Upande wa pili kimya. Kisha: "Na mwenye lori?"

"Mwambie asimame. Ulichompa, uniandikie. Na magunia yaliyobaki, Mama, usiyatoe hata moja."

Asubuhi yake wakaandika barua. Shefu, kwa mazoea, alianza hivi: "Baada ya uchunguzi wa kina wa dosie yako..." Mnaijua. Ni sentensi inayotaka mteja aamini kwamba kitu kipya kimegunduliwa. Hapa hakuna kipya kilichogunduliwa kwenye kontra. Ile aya ya pili ilikuwepo siku mama anatia sahihi. Ukianza kwa kujificha, mteja anasoma yaliyobaki yote akitafuta ulipojificha. Mwanasheria wa kampuni naye alitaka neno "kosa" litoke, akiogopa litageuka kuwa kukiri. Mimi katika hili siko upande wake. Kukiri kwamba sentensi ilikuwa na kosa si kukiri kwamba maji ya mlango yana dhamana; ukitenganisha mambo hayo mawili vizuri, jaji yeyote ataona tofauti. Usipoyatenganisha, ndipo unapoumia.

Barua iliyotoka ilisema hivi, na nimeiandika nzima kwa sababu maneno yenyewe ndiyo kazi yetu:

"Mama, katika barua yetu ya Jumatatu tulikuandikia kwamba hasara yako yote ya maji italipwa. Sentensi hiyo ilikuwa na kosa. Tuliiandika kabla ya kusoma masharti ya kontra yako na kabla ya mkadiria hasara kufika. Kosa ni la biro yetu, si lako. Barua hii inachukua nafasi ya sentensi hiyo.

Kontra yako inalipa mvua iliyopenya kwenye paa. Hailipi maji yaliyotoka barabarani na kuingia kwa mlango. Angalia sehemu ya maji, aya ya pili, nakala tumeiambatanisha. Mkadiria hasara amekuta magunia 50 yaliyoharibiwa na maji ya paa na 110 yaliyoharibiwa na maji ya mlango. Magunia 50 tutayalipa. Magunia 110 hatuwezi kuyalipa.

Magunia 40 uliyagawa kwa sababu ya barua yetu, na sasa hakuna anayeweza kusema yaliharibiwa na maji gani. Hayo tutayalipa pia. Avansi uliyompa mwenye lori kwa kuiamini barua yetu, sehemu asiyokurudishia, tutakurudishia sisi, kwa malipo ya pembeni, ukituletea karatasi yake.

Kama hukubaliani na hesabu ya mkadiria hasara, unaweza kuleta wa kwako. Kupokea fedha zisizobishaniwa hakukuzuii kudai zilizobaki."

Kuna aliyeniuliza mlangoni kwa nini magunia arobaini yalipwe. Si huruma. Mteja anatakiwa kuonyesha kwamba hasara yake imeingia ndani ya dhamana, na hilo mama alilifanya: picha, daftari, bati lililoinuka. Kampuni ikitaka kusema "haya yametolewa nje na aya ya pili", ni juu yake kuonyesha. Itaonyesha nini, ilhali ushahidi umeliwa na nguruwe kwa sababu ya barua yake yenyewe? Kama mama angeyatupa kwa haraka zake, bila barua, mazungumzo yangekuwa mengine.

Hesabu basi. Bei ya gunia kwenye daftari ilikuwa dola 18. Magunia 90, yaani 50 na 40, ni dola 1620. Unatoa franshizi, ile sehemu ya hasara anayoibeba mteja mwenyewe, ya dola 200 iliyo kwenye kontra, inabaki 1420. Magunia ya mlango, yale 110, ni dola 1980 ambazo mama aliahidiwa na siku hiyo hakuzipata. Msipite haraka kwenye namba hiyo. Marekebisho mazuri hayakumfanya mama afurahi. Alipoteza karibu dola elfu mbili, na aliambiwa siku mbili nzima kwamba hajapoteza kitu. Ilunga alipompelekea barua depo, alisimama mlangoni pale kwenye mstari wa tope, na mama aliisoma mara mbili na mwanawe kabla ya kumkaribisha kiti. Ilunga alivumilia. Ilikuwa haki yake mama.

Mwenye lori alirudisha dola 150 na kubaki na 150, kwa kuwa alikuwa ameshanunua mafuta. Zile 150 kampuni ilimlipa mama, lakini si ndani ya dai. Makarani, hili mliandike. Mkiziingiza kwenye dai la maji, mmefanya mabaya mawili: mmeandika kwamba dhamana imelipa kitu kisichokuwemo, na mmeipakia historia ya mteja hasara ambayo si yake, ataikuta siku ya kurudia kontra. Zinalipwa kama fidia ya kosa la biro, kwa karatasi yake peke yake, na kama kampuni ina asiransi ya makosa ya kazi, kampuni iliyotoa asiransi hiyo inajulishwa siku hiyo hiyo, hata kama kiasi ni kidogo kuliko franshizi yake.

Na barua ya mfano ilibadilishwa. Sasa barua ya siku ya kwanza inasema tumepokea, namba ya dosie ni hii, mkadiria anakuja siku hii, usitupe kitu kabla hajafika. Na mstari mmoja kwamba barua hii si ahadi ya kulipa wala kukataa. Nafasi ya kuongeza sentensi ya huruma wameifuta. Mimi ningeiacha. Karani anaweza kuandika "pole sana, Mama" bila kuahidi senti moja, na mteja aliyekalia unga ulioloa anahitaji kuisoma. Lakini shefu ni shefu.

Mama alileta mkadiria wake juu ya yale 110. Alikubaliana na mstari wa tope kwa magunia 98. Kwa 12 ya kona ya nyuma, chini kabisa ya lile bati lililoinuka, alisema maji ya paa yalitiririka ukutani mpaka chini kabla ya maji ya mlango kufika huko. Wakadiria wawili walikwenda pamoja, wakaona madoa ya kutu nyuma ya rundo, na kampuni ikalipa yale 12 pia, dola 216 juu ya zile za kwanza, bila kutoa franshizi mara ya pili.

Nimemaliza ya kwangu, maswali sasa. Na kwa kuwa naona mkono umeshainuka pale nyuma na naujua utauliza nini: hapana, zile dola 150 hazikukatwa kwenye mshahara wa Ilunga.